Saa 3,000 Zisipotee: Mwongozo wa Usajili wa Kazi ya Ustawi wa Jamii California

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja ninayemwona akilini kila ninapouandika. Ni Mswahili aliyemaliza shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, anaishi California, na anataka siku moja akae na mteja chumbani kama mnasihi mwenye leseni yake mwenyewe. Huenda ni Mkongomani wa San Diego, Mkenya wa Sacramento au Mtanzania wa Los Angeles. Darasani amefundishwa vizuri namna ya kumsikiliza mtu aliyefiwa au aliyekimbia vita. Hakuna aliyemkalisha chini akamweleza jinsi saa za kazi zinavyohesabiwa na jinsi zinavyopotea.

Leseni anayoitafuta inaitwa Licensed Clinical Social Worker, kwa kifupi LCSW. Inatolewa na bodi ya jimbo, Board of Behavioral Sciences, ambayo wote huiita BBS. Kati ya shahada na leseni kuna kipindi cha kufanya kazi chini ya msimamizi. Kwa kipindi hicho unasajiliwa kama Associate Clinical Social Worker, yaani ASW, na unapewa namba. Unatakiwa kukusanya saa 3,000 zilizosimamiwa, katika wiki zisizopungua 104. Ninayoyaandika hapa ni ya California. Ukihamia Texas au Minnesota, bodi ni nyingine na hesabu ni nyingine.

Hatua ya kwanza: hakikisha shahada yako inakubalika

Shahada inatakiwa iwe ya uzamili, kutoka chuo kilichopewa ithibati na Council on Social Work Education, CSWE. Kama umesoma Marekani, jambo hili huchukua dakika chache kuliangalia. Kama umesoma Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, unatakiwa kupeleka shahada yako ikatathminiwe kwanza, ili bodi ione kwamba inalingana na ya hapa. CSWE wenyewe wana huduma ya kutathmini shahada za nje. Anza mapema, kwa sababu vyuo vyetu wakati mwingine huchelewa kutuma nakala rasmi ya matokeo, na bila hiyo tathmini haianzi.

Shahada ya kwanza peke yake haitoshi kwa njia hii, hata kama nyumbani ulikuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka kumi. Najua linauma. Usimwamini mtu anayekuambia kuna njia ya mkato.

Hatua ya pili: siku 90

Hapa ndipo saa nyingi zaidi hupotea, na hupotea kabla mtu hajajua kwamba kuna saa za kupoteza.

Saa zako huanza kuhesabika baada ya kutunukiwa shahada. Kwa kawaida zinatakiwa ziwe zimefanywa ukiwa tayari na namba ya ASW. Lakini sheria inatoa nafasi moja: maombi yako ya usajili yakifika BBS ndani ya siku 90 tangu tarehe ya shahada, unaweza kuhesabu saa ulizofanya tangu tarehe hiyo hadi siku namba ilipotolewa. Nafasi hiyo ina masharti mawili.

Sharti la kwanza ni alama za vidole. Mahali unapofanya kazi pawe pamekutaka upigwe alama za vidole kwa mfumo wa Live Scan kabla hujaanza kufanya hizo saa. Na siku utakapoomba leseni yenyewe, pengine miaka mitatu baadaye, utatakiwa kutoa nakala ya ile fomu ya Live Scan iliyojazwa. Ni karatasi ya ukurasa mmoja. Mpigaji alama hujaza sehemu ya chini na kukurudishia nakala yako. Wengi huikunja, huiweka mkobani, na haionekani tena. Ipige picha siku hiyohiyo, uihifadhi mahali utakapoikuta hata ukibadilisha simu. Uelewe pia kwamba alama hizi za mwajiri si zile unazopigwa kwa ajili ya BBS. Ni mara mbili, fomu mbili, na moja haitoshi kwa nyingine.

Sharti la pili ni mahali. Kabla namba haijatoka, usifanye kazi hiyo katika ofisi binafsi ya tiba wala katika kampuni ya wataalamu, yaani professional corporation. Hapo huna nafasi ya siku 90 wala ya siku moja. Unasubiri namba.

Tuchukue mfano. Tarehe ya shahada ni 17 Mei. Angalia tarehe iliyoandikwa kwenye nakala rasmi ya matokeo, usifuate siku ya sherehe. Siku ya 90 ni 15 Agosti. Mhitimu amepata kazi kwenye kliniki ya jamii, amepigwa Live Scan 30 Mei, ameanza 3 Juni kwa saa 35 kwa wiki. Maombi yake yanafika BBS 10 Agosti, na namba inatoka 28 Septemba. Kati ya 3 Juni na 28 Septemba kuna wiki 16 kamili, yaani saa 560. Zote anaweza kuzihesabu, mradi zilisimamiwa ipasavyo.

Sasa chukua mhitimu huyohuyo, lakini nakala yake ya matokeo imechelewa, na maombi yamefika 20 Agosti. Zile saa 560 hazihesabiki. Amechelewa siku tano, na amepoteza karibu miezi minne. Wateja alikutana nao, msimamizi alikuwepo, kazi ilifanyika, ila kwenye hesabu ya leseni haipo. Angalia pia neno nililotumia: yafike. Kuweka bahasha posta siku ya 90 si kufika. Omba kupitia mfumo wa mtandaoni wa BreEZe panapowezekana, na usisubiri hadi mwezi wa tatu tangu upate shahada.

Hatua ya tatu: soma kazi yenyewe kabla ya kusaini

Hili linatugusa sisi zaidi kuliko wengine. Mswahili mwenye uzamili anatafutwa sana na mashirika yanayopokea wakimbizi, kwa sababu anaweza kuongea na mama aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu bila mkalimani. Anaajiriwa haraka. Kisha siku nzima anampeleka mama huyo kwenye ofisi ya hati, anapigia simu mwenye nyumba, anajaza fomu za bima ya Medi-Cal, anatafsiri shuleni kwa mtoto. Ni kazi njema na inahitajika. Lakini bodi inapanga saa katika mafungu, na kazi hiyo haingii katika fungu kubwa.

Kati ya saa 3,000, zisizopungua 2,000 ziwe za kazi ya kitabibu: kutathmini hali ya kisaikolojia na kijamii ya mteja, kutambua tatizo, na kulitibu. Ndani ya hizo 2,000, zisizopungua 750 ziwe za tiba ya mazungumzo uso kwa uso, na mtu mmoja mmoja au kikundi. Zilizobaki, zisizozidi 1,000, ndizo za mambo mengine: kumtetea mteja, kushauriana na wenzako, mafunzo, utafiti, na hata muda wenyewe wa kukaa na msimamizi.

Mtu anayefuatilia nyumba na fomu kwa saa 40 kila wiki, miaka miwili, atakuwa amefanya zaidi ya saa 4,000. Bodi itampa 1,000. Atabaki na 2,000 za kutafuta, na hazipatikani palepale alipo.

Kwa hiyo kwenye usaili uliza mambo matatu kwa maneno ya wazi. Nitakuwa na wateja wangapi wa tiba kwa wiki? Nani atanisimamia, na ana leseni gani? Je, nitaandika tathmini na mpango wa matibabu mimi mwenyewe? Kama jibu la swali la kwanza ni saa mbili au tatu kwa wiki, piga hesabu: saa 750 kwa saa tatu ni wiki 250. Kwa saa 10 ni wiki 75. Wakisema tutaona mbele ya safari, waombe waandike idadi kwenye barua ya ajira.

Uliza pia utalipwaje. Associate anatakiwa awe mwajiriwa anayepewa karatasi ya kodi ya W-2, au mtu wa kujitolea mwenye barua ya mwajiri kuthibitisha hivyo. Hatakiwi kuwa mkandarasi wa kujitegemea. Wakikuambia watakulipa kwa 1099, karatasi ya kodi ya wakandarasi, kazi hiyo haikupi saa. Tena huruhusiwi kupokea malipo moja kwa moja kutoka kwa mteja, wala kukodi chumba chako cha kufanyia kazi, wala kuwa na hisa katika biashara ya mwajiri. Kuna wenye ofisi wanaowaambia vijana wetu walipie kodi ya chumba kwa siku na wachukue asilimia ya ada. Hiyo ni biashara yako mwenyewe iliyofichwa, na associate haruhusiwi.

Hatua ya nne: msimamizi

Mchunguze msimamizi kama anavyokuchunguza yeye. Awe na leseni hai, awe ameishika kwa angalau miaka miwili kati ya mitano iliyopita, na awe amepata mafunzo ya usimamizi. Asiwe ndugu yako wala mume au mke wako, wala mtu mwenye uhusiano na wewe utakaomfanya ashindwe kukukosoa. Sehemu ya saa zako lazima isimamiwe na mwenye LCSW hasa. Leseni nyingine za tiba zinaweza kusimamia baadhi tu.

Leseni yake iangalie mwenyewe kwenye search.dca.ca.gov. Andika jina, soma hali ya leseni na tarehe ya kuisha, na hifadhi ukurasa huo. Rudia kila baada ya miezi michache. Mimi nililijua hili kwa kupoteza. Msimamizi wangu wa kwanza, mtu mwema na mwenye ujuzi, leseni yake iliisha muda mwezi wa Machi, na hakuna aliyegundua kazini pale hadi Aprili katikati. Wiki hizo zote sikuzihesabu. Sikumchukia, lakini tangu hapo tarehe ya kuisha leseni ya msimamizi iko kwenye kalenda yangu pamoja na yangu.

Ndani ya siku 60 tangu usimamizi uanze, wewe na msimamizi mnatakiwa kusaini makubaliano ya usimamizi kwenye fomu ya BBS. Kama msimamizi haajiriwi na mwajiri wako, pawe na makubaliano ya maandishi kati yake na mwajiri pia. Karatasi hizi ukae nazo wewe. Usiziache kwenye kabati la ofisi.

Hatua ya tano: hesabu ya kila wiki

Kila wiki unayotaka kuhesabu saa, uwe umekaa na msimamizi ndani ya wiki hiyohiyo. Kipimo kimoja ni saa moja ya wewe na yeye, au wewe, mwenzako mmoja na yeye. Kikundi cha wasimamiwa wasiozidi wanane kinahitaji saa mbili ili kifikie kipimo hichohicho. Kipimo kimoja kinatosha kama umefanya saa 10 au pungufu za tiba ya moja kwa moja mahali hapo. Ukizidi 10, unahitaji kipimo cha pili. Ukifanya kazi sehemu mbili, kila sehemu ina hesabu yake. Na kati ya zile wiki 104, wiki 52 ziwe za usimamizi wa mtu mmoja au wawili, si wa kikundi peke yake.

Huu ni mfano wa wiki tatu za associate mmoja. Wiki ya kwanza amefanya saa 9 za tiba na saa 20 za kazi nyingine, amekaa na msimamizi saa moja: wiki imekamilika. Wiki ya pili wateja wamekuwa wengi, saa 14 za tiba, ila msimamizi alikuwa na haraka na wamekaa saa moja tu: zile saa 4 zilizozidi 10 hazihesabu, nyingine anazihesabu. Wiki ya tatu msimamizi amesafiri, wamekubaliana kufidia kwa saa tatu wiki ijayo. Wiki ya tatu yote imekwenda. Usimamizi wa wiki ijayo haurudi nyuma.

Hiyo ya tatu ndiyo inayowauma watu zaidi, kwa sababu walikubaliana kwa nia njema. Msimamizi akisafiri, mwajiri atafute mwenye sifa wa kushika nafasi yake kwa wiki hiyo, na naye asaini. Kama hayupo, fanya kazi uliyoajiriwa kufanya, lakini kwenye daftari la saa andika sifuri.

Saa haziwezi kuzidi 40 kwa wiki, hata kama umefanya 55. Kwa mwendo wa kawaida, saa 3,000 katika wiki 104 ni karibu saa 29 kwa wiki, kwa hiyo hakuna haja ya kujiua.

Daftari hilo la saa linatakiwa lisainiwe na msimamizi kila wiki. Kuna wanaongoja wasaini miezi sita kwa mkupuo mmoja, na ndipo msimamizi anapoacha kazi, au mnagombana, au anafariki. Mwisho wa kipindi cha kila msimamizi kuna fomu nyingine ya kuthibitisha jumla ya saa. Siku mtu anapoondoka ofisini, isainiwe kabla hajakabidhi funguo.

Na saa zina umri. Bodi inahesabu zilizofanywa ndani ya miaka sita kabla ya siku maombi yako ya leseni yalipofika. Mama aliyeanza, akajifungua, akapumzika miaka mitatu, akarudi, hana kosa lolote, ila saa zake za mwanzo zinadondoka moja moja nyuma yake. Apige hesabu mapema ajue zipi zitakuwa bado hai.

Hatua ya sita: usajili usife mikononi mwako

Namba ya ASW huhuishwa kila mwaka. Katika kila kipindi cha mwaka unatakiwa uufanye mtihani wa sheria na maadili wa California, hadi uufaulu. Ukiufanya ukashindwa, unaweza kuhuisha na ujaribu tena mwaka unaofuata. Usipoufanya kabisa, huhuishi. Unatakiwa pia saa 3 za masomo ya sheria na maadili ya California kwa kila uhuisho.

Namba inahuishwa mara tano tu. Baada ya hapo, kama bado hujamaliza, unaomba namba mpya, na kwa namba hiyo mpya huruhusiwi kufanya kazi katika ofisi binafsi. Namba ikiisha muda hata kwa siku kumi, saa za siku hizo hazihesabiki, na katika sehemu zinazohitaji usajili, ulikuwa unafanya kazi bila ruhusa.

Kwenye kadi yako, ukurasa wako wa mtandaoni au tangazo la kanisani, andika cheo kamili, Associate Clinical Social Worker, pamoja na namba, jina la mwajiri, na kwamba unasimamiwa na mwenye leseni. Herufi ASW peke yake hazitoshi. Mteja naye aambiwe kabla ya kuanza kwamba huna leseni bado na unasimamiwa. Kwa Kiswahili mimi nilikuwa nasema hivi: "Mama, mimi bado niko chini ya uangalizi. Kuna mwenye leseni ninayemweleza kazi yangu kila wiki, na jina lake ni hili." Sijawahi kukutana na aliyekasirika. Wengi waliuliza kama huyo msimamizi naye atajua jina lao, na hapo ndipo mazungumzo ya siri na mipaka yake yanapoanza vizuri.

Kufanya kazi bila usajili: wapi ni halali, wapi ni kosa

Hapa watu wetu huchanganya mambo mawili, uhalali wa kazi na uhalali wa saa.

Kuna sehemu ambazo sheria imeziondolea sharti la leseni: ofisi za serikali, shule na vyuo, na mashirika yasiyo ya faida ya hisani. Mtu aliyeajiriwa huko anaweza kufanya kazi yenye sura ya unasihi ndani ya ajira yake bila namba ya BBS. Si kosa. Lakini ukiondoa ile nafasi ya siku 90, saa zake hazihesabiki hadi asajiliwe. Nimewaona watu wakifanya miaka mitatu katika shirika la hisani wakiamini wanakusanya saa.

Mchungaji au padri naye anaweza kutoa ushauri ndani ya huduma yake. Anachokatazwa ni kujiita LCSW au kujitangaza kwa cheo hicho. Wazee wa jumuiya wanaosuluhisha ndoa sebuleni hawana shida. Shida inaanza pale mzee au dada fulani anapofungua ukurasa, anaandika "tiba ya msongo na kiwewe, dola 60 kwa saa", na anapokea pesa kwa simu. Huko ameingia kwenye kazi ya leseni, tena peke yake.

Adhabu iliyoandikwa katika sheria ya jimbo ni ya jinai: kifungo cha hadi miezi sita katika jela ya kaunti, au faini ya hadi dola 1,000, au vyote viwili. Bodi nayo inaweza kutoa hati ya kosa na faini yake, na kwa mtu anayetarajia kuomba leseni, rekodi hiyo inamsubiri mlangoni. Bima ikigundua kwamba huduma ilitolewa na asiyeruhusiwa, inaweza kudai irudishiwe pesa kwa mwajiri. Bima ya kukulinda dhidi ya madai ya wateja inaweza kukataa kukulipia. Na kwa yeyote ambaye bado si raia, kesi ya jinai, hata ndogo, ni jambo la kupeleka kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kukubali kosa lolote mahakamani.

Kuna swali ninaloulizwa kila mara: je, nikiwa Mombasa nikamhudumia kwa video mtu aliyeko San Diego? California inaangalia mteja alipo. Mteja akiwa San Diego, anayemtibu anahitaji ruhusa ya California. Na associate wa San Diego ambaye mteja wake amehamia Phoenix asiendelee naye kwa simu mpaka ajue Arizona inasemaje.

Hatua ya saba: kutoka 3,000 hadi leseni

Saa zikitimia, unaomba leseni kwa kutuma fomu za uthibitisho za wasimamizi wote, karatasi za W-2, ile nakala ya Live Scan kama ulitumia siku 90, na vyeti vya kozi za ziada, zikiwemo saa 6 za kutathmini hatari ya kujiua na saa 3 za huduma kwa njia ya mtandao. Bodi ikikubali, na mtihani wa sheria ukiwa umeufaulu, unaruhusiwa kufanya mtihani wa kitabibu wa Association of Social Work Boards, ASWB. Wakati wote huo endelea kuhuisha namba ya ASW na kusimamiwa. Na kufaulu mtihani bado si leseni. Unaomba itolewe, unalipa ada, unasubiri namba ionekane kwenye mfumo. Kuna aliyefaulu Ijumaa, Jumatatu akabadilisha kadi zake kuwa LCSW. Namba ilikuwa haijatoka. Usifanye hivyo.

Kama tayari umefanya kazi bila usajili

Tuseme umesoma mpaka hapa na moyo unadunda, kwa sababu namba yako iliisha muda Januari na leo ni Machi. Simamisha wateja wa tiba leo, mweleze msimamizi na mwajiri leo, ili wateja wapokelewe na mtu mwingine. Mteja aliyeko kwenye hatari akabidhiwe kwa mkono, asiachiwe ujumbe wa simu. Huisha namba kwenye BreEZe. Kwenye daftari la saa, weka mstari kwenye wiki hizo na uandike kwamba hazidaiwi. Usibadilishe tarehe, na usimwombe msimamizi asaini ya nyuma, kwa sababu saini hiyo inaweka leseni yake hatarini pamoja na yako, na karatasi za mshahara zitaonyesha ukweli. Fomu za bodi zinapouliza, jibu kama ilivyotokea. Kama kazi ilikuwa katika ofisi binafsi, au ulipokea pesa za wateja mwenyewe, tafuta mwanasheria wa mambo ya leseni kabla hujaiandikia bodi chochote.